Mama Pacha, tenga la nyanya na hesabu ya saa tisa (hadithi fupi, karibuni tuijadili)

Mtoto wa Genge (mwanzisha uzi)

Habari za leo wadau. Nimelelewa kwenye genge la nyanya, na hii hadithi nimekaa nayo moyoni siku nyingi. Mama Pacha nimemtunga mimi, ila saa zake, daftari lake na sufuria lake ni vya mama yangu mzazi. Bei nimeweka za kwetu Dar kwa msimu nilioukumbuka, mwenye soko lake atabadilisha mwenyewe. Naileta hapa kwa sababu kila ratiba ya chakula ninayokutana nayo inaanza na Jumatatu, na kwa mtu wa sokoni Jumatatu haimwambii kitu.

Sehemu ya kwanza.

Saa 10 alfajiri Mama Pacha alikuwa Ilala, ameshika kanga mbili mabegani, anainamia matenga. Hakuangalia nyanya za juu. Alipitisha vidole kwenye uwazi wa mbao za chini, akagusa, akanusa vidole. Kama vimelowa, alihamia tenga lingine. Siku hiyo tenga lilikuwa 48,000. Kirikuu walichangia akina mama wanne, kila mmoja 4,000 mpaka Tandika. Ushuru na mlinzi 1,000. Aliandika juu ya ukurasa wa daftari: 53,000. Namba hiyo aliiita "ya Ilala", na pesa yoyote iliyoingia kwenye kopo kabla ya kuifikia haikuwa yake.

Saa 1 asubuhi alikuwa amechambua mafungu matatu: ngumu za kesho, zilizoiva za leo, na masalo. Kuanzia saa 3 walikuja mama lishe na watu wa majumbani. Saa 7 soko lililala, jua likapiga, akawa anafukuza nzi tu. Saa 10 jioni watu wakirudi kazini liliamka tena mpaka saa 1 usiku. Nyumbani kulikuwa na pacha wa darasa la tano na bibi yao ambaye macho yamepungua, hawezi kuachiwa jiko la mkaa peke yake. Kwa hiyo moto wa nyumba ile uliwaka usiku tu, kuanzia saa 2.

Zamani aliamua chakula akiwa njiani kurudi, kwa kutazama kilichomo mkononi. Mkono ukiwa mzito, aliingia na nusu kuku na chipsi. Ukiwa mwepesi, alimega ya Ilala, akijiambia kesho itarudi. Wiki moja alimega siku tatu mfululizo, na siku ya nne alinunua nusu tenga. Nusu tenga ikazaa nusu faida, na hiyo nayo ikaliwa.

Ndipo akaanza kuandika kitu kimoja zaidi kwenye daftari: kopo lina shilingi ngapi saa 9 alasiri, soko likiwa limelala. Aliandika wiki sita. Akaona kwamba siku nyingi jioni iliingiza karibu sawa na kilichokuwemo saa 9. Kama saa 9 kuna 27,000, usiku atafunga na 54,000 hivi, yaani ya Ilala na buku moja. Kama kuna 33,000, atafunga na 66,000, na 13,000 ni za nyumba.

Akapiga mistari miwili. Chini ya 27,000 ni siku ya ndoo. Kati ya 27,000 na 33,000 ni siku ya kawaida. Juu ya 33,000 ni siku ya kujaza.

Ndoo yenyewe ilikuwa ya lita 20, yenye mfuniko wa kubana, chini ya kitanda. Ikijaa ilikuwa na sembe kilo 5, maharage kilo 3, choroko kilo 1, mchele kilo 2, kopo la dagaa wakavu na chupa ya mafuta. Siku ya ndoo alinunua mkaa wa 1,000 peke yake, mboga akabadilishana na jirani: masalo kwa mchicha. Siku ya kawaida alinunua chakula cha siku hiyo na ndoo haikuguswa. Siku ya kujaza alijaza kwanza kilichopungua kwenye ndoo, na nyama ilinunuliwa ndoo ikishajaa, si kabla.

Pacha hawakuelewa. "Mama, leo umeuza sana, mbona tunakula maharage?" Akawaambia leo wamenunua chakula cha ile siku ambayo hatauza.

Naendelea baadaye kidogo, niko kazini.

---

Kiporo Kitamu

Mkuu umeandika nyumbani kwetu kabisa. Mama yangu alikuwa anauza samaki wakavu, na sisi tulikula kwa mtindo huohuo bila daftari. Nitaongeza moja: usiku upike mara mbili ya mnachokula, kesho mnapasha kiporo. Chakula kikichemka vizuri tena hakina tatizo, moto unaua kila kitu. Mkaa unaokoa nusu.

---

Kitambi Kiishe

Asante kwa ratiba. Swali: mtu akifuata hii ya siku ya ndoo kwa mwezi mzima anapungua kilo ngapi? Na mchele niutoe au niache?

---

Mtoto wa Genge

@Kitambi Kiishe ndugu yangu, hii si ya kupunguza mwili. Mama Pacha anahangaika wanawe wasilale njaa na mtaji usiliwe. Usifuate siku ya ndoo mwezi mzima kwa hiari yako, ile imewekwa kwa siku tatu nne za dhiki.

@Kiporo Kitamu kwenye maharage tuko pamoja. Kwenye wali sina hakika, wanaojua watusaidie.

---

Fundi Vikapu

Naomba nichangie hapo. Mimi nashona vikapu vya kuhifadhi joto na nimepika jikoni kwa shule ya bweni miaka kadhaa, kwa hiyo viporo ni kazi yangu.

Moto unaua vijidudu, ni kweli. Lakini wali una kijidudu chake ambacho mbegu zake hazifi wali unapoiva. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha kwenye sufuria lililofunikwa, mbegu zile zinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki ukichemsha tena asubuhi. Ndiyo maana mtu anakula kiporo cha moto kabisa, kimefuka moshi, halafu baada ya saa chache anatapika, anasingizia mafuta. Nyumba isiyo na friji, Dar hii yenye joto, wali upikwe wa kuisha. Ugali uliobaki una unafuu kidogo kwa sababu unapoa upesi ukikatwa vipande, lakini nao usilale kwenye hotipoti.

Maharage yaliyochemshwa bila kuungwa yanasubiri kuliko yaliyoungwa, kama unayachemsha kwa nguvu usiku kabla ya kulala na asubuhi ukiamka, halafu hufungui mfuniko, ila bila friji nayo hayana uhakika. Yaishe upesi. Ukiona povu jipya juu bila moto, au uzi unanyooka kwenye kijiko, mwaga, hata kama roho inauma.

---

Kiporo Kitamu

Fundi, wali wa kiporo tumekula toka utotoni na tupo hai. Lakini ile ya kutapika asubuhi imenikumbusha jambo. Mdogo wangu alikuwa hivyo na tulisema ana minyoo. Nitafikiria.

---

Mzenji wa Mtoni

Assalamu alaykum. Hadithi nzuri, ila maharage bila nazi mimi siyaiti maharage. Kwa nini huyu mama hatii tui? Nazi moja tu na watoto watashiba kwa utamu.

---

Mtoto wa Genge

Waalaykum salaam. Tui analitia, ila kwenye yale ya kuliwa usiku huohuo. Anachota ya mlo mmoja, anaunga kwa kitunguu na tui pembeni, sufuria kubwa linabaki jeupe, bila kitu. Mama yangu aliwahi kuunga sufuria zima kwa nazi siku ya Jumamosi, Jumapili mchana lilikuwa limechacha, kilo nzima ya maharage ikaenda jalalani. Tulikaa siku mbili bila kuongelea.

Sehemu ya pili. Hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Maharage ndiyo yaliyombeba Mama Pacha, lakini maharage yanataka muda, na yeye alikuwa na saa moja na nusu ya moto kwa siku. Mwenzake wa bamia akamweleza habari ya kikapu: unachemsha, unaipua, unafunga sufuria ndani ya kikapu kilichojazwa nguo na mabaki ya sponji, unaenda zako, yanaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe. Mama Pacha hakuwa na kikapu. Alitwaa blanketi kuukuu na boksi la katoni.

Ilikuwa siku ya ndoo. Alikuwa na masalo mengi yaliyokaribia kuharibika, akaona asiyapoteze. Usiku ule aliamka saa 9, akawasha mkaa, akabandika maharage mekundu ambayo hakuyaloweka, akakata masalo yote humo humo, akasubiri yapate mvuke. Yalipoanza kutokota pembeni akaipua, akafunga blanketi, akawahi kirikuu. Aliwaambia pacha wakirudi shule wajipakulie.

Saa 11 jioni mtoto wa jirani alikuja mbio gengeni. "Mama, Doto anatapika, na Kulwa tumbo linamkata." Aliacha genge kwa mwenzake wa bamia. Akakuta sufuria halijapoa, na maharage ngozi zake zimelegea, ila ukibonyeza moja kati ya vidole, ndani kuna kokoto. Bibi hakuwa amekula, alisema yamemshinda meno. Usiku mzima alikaa na watoto, akiwanywesha maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko. Alfajiri walitulia. Hakwenda Ilala.

Aliyekuwa Doto ni mimi. Kwa miaka mingi nyumbani tulisema ni masalo yaliyotuharibu tumbo. Fundi Vikapu, wewe unasemaje?

---

Fundi Vikapu

Pole sana ndugu yangu. Kwa ulivyoeleza, nadhani nyanya zilichangia, lakini si kwa njia mliyofikiri.

Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili. Inaondoka yakichemka kwelikweli, yale ya kububujika katikati ya sufuria, angalau dakika 10. Mimi nasema 15 niwe salama. Yakipata joto la wastani tu, kama lile la blanketi, sumu inabaki, na punje chache zinatosha kumtapisha mtoto ndani ya saa moja mpaka tatu. Kutokota pembeni si kuchemka. Kikapu hakipiki maharage kutoka mwanzo, kinamalizia yaliyokwisha chemka. Wanaouza vikapu wengi hawasemi hivyo, na linanisikitisha.

Nyanya zina uchachu, na uchachu unakaza maharage. Ukiziweka mwanzoni, unaweza kupika mpaka mkaa uishe na ndani bado kokoto. Muuza nyanya ndiye anayeingia mtego huo kwanza, maana nyanya ndizo alizonazo. Ndimu na ukwaju pia subiri yakishaiva.

Mimi ningemwambia hivi. Aloweke maharage usiku saa 3 akishakula, maji yazidi vidole vinne. Alfajiri akiamka amwage maji yale, asipikie. Kisha abandike kwa maji mapya, yabubujike dakika 15 na mfuniko, ndipo afunge. Sufuria liwe limejaa, maana nusu sufuria hupoa upesi. Watoto wasifungue kuchungulia. Kwa maharage yaliyolowekwa na blanketi zuri, baada ya saa 4 au 5 yanakuwa laini. Kabla ya kula yarudishwe motoni yachemke tena, na hapo ndipo nyanya na kitunguu vinaingia.

Akisahau kuloweka, siku hiyo apike choroko. Hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa moto mfupi na zina amani zaidi.

---

Bint Singida

Sisi tunaweka magadi kidogo, maharage yanaiva kabla hujamaliza kuosha vyombo. Kwa nini mtu ateseke na mablanketi?

---

Fundi Vikapu

Magadi yanalainisha, ni kweli, na yanaokoa mkaa. Ila yanaharibu sehemu ya vitamini, hasa ile ya kundi B, na ukizidisha ladha inakuwa ya sabuni. Kwa familia ambayo maharage ndiyo nyama yao siku tatu kwa wiki, mimi naona hasara. Mwenye maharage ya zamani yaliyokauka ghalani mwaka mzima ataweka ncha ya kijiko na sitamlaumu.

---

Mjasiriamali wa Gikomba

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni wa mitumba lakini shida ni ileile, kuna wiki bale inafunguka mbaya na unakaa na nguo hakuna anayetaka. Hapa kwetu tunachemsha githeri ya Jumapili, mahindi na maharage pamoja, halafu kila jioni nakaanga ya siku hiyo na sukuma wiki. Kile kimenishika kwa hii hadithi ni hesabu ya saa tisa. Mimi huwa nahesabu usiku, na usiku nishachoka, kila kitu naona ni sawa kununua. Saa tisa ndiyo wakati kichwa kiko na baridi. Kesho naanza.

Swali langu: mchana yeye mwenyewe anakula nini pale kwa genge? Maana mimi pesa yangu inapotelea hapo, chai na mandazi ya asubuhi, chapo saa nne, chipo saa kumi.

---

Mtoto wa Genge

Umegusa penyewe kaka. Daftari ndilo lililomfichulia. Alijumlisha vya mdomoni kwa wiki moja: chai na chapati mbili asubuhi, sahani ya wali maharage ya 2,000 kwa mama lishe, muhogo wa kukaanga jioni. Ilifika 4,000 kwa siku. Siku ya ndoo hizo 4,000 zilikuwa nyingi kuliko alizotumia kwa watoto na bibi pamoja.

Basi akaanza kubeba. Chupa ya chai, viazi vitamu vilivyochemshwa usiku, na kikopo cha maharage makavu yasiyo na mchuzi. Alikula saa 8, soko limelala, kwa mikono iliyonawishwa.

Lakini hapo ndipo palipozuka jambo ambalo mimi mpaka leo sijalimaliza. Mama lishe aliyekuwa akila kwake ndiye aliyekuwa akinunua masalo yake kila asubuhi kwa ajili ya mchuzi, ya 5,000, wakati mwingine ya 6,000. Siku ya nne mama lishe hakuja. Akaonekana kwa genge la pili. Hakusema neno. Mama Pacha akaelewa.

---

Jirani wa Soko

Nimesubiri mtu aseme hili. Mimi nina kizimba mwaka wa kumi na moja. Sokoni hakuna sahani ya 2,000, kuna undugu wa 2,000. Yule mama lishe anakuwekea chakula siku huna, anakuangalizia meza ukienda chooni, anakuitia wateja. Anayebeba hotipoti kutoka nyumbani anajiokolea elfu mbili na kupoteza elfu tano. Arudi akale.

---

Bint Singida

Jirani, na siku ambayo kopo lina 15,000 saa 9, akale undugu? Mwenzio ana watoto wawili na mzee. Bora amweleze mama lishe kwa mdomo, mtu mzima anaelewa. Tatizo alinyamaza.

---

Jirani wa Soko

Kwenye kunyamaza nakubaliana nawe. Kwenye hotipoti nabaki pale pale.

---

Mtoto wa Genge

Mama yangu alichofanya ni kula kwake siku za kujaza na siku za kawaida, siku za ndoo akabeba. Mama lishe alirudi kununua, ila si kila siku kama zamani. Kwa hesabu peke yake sijui alipata au alipoteza. Kwa heshima najua alifanya vyema kwenda kumwambia.

---

Mzenji wa Mtoni

Mimi swali langu dogo. Mistari ile ya 27,000 na 33,000 inakaa mwaka mzima? Kwetu masika ikiingia jioni soko linazama maji, hakuna mtu. Hapo "jioni sawa na mchana" haipo.

---

Mtoto wa Genge

Hapana, haikai, na wewe umenipeleka kwenye sehemu ya mwisho.

Sehemu ya tatu.

Aprili tenga lilifika 95,000. Mvua zilikuwa zimeharibu mashamba na barabara, na zilizofika zilikuwa na madoa meusi. Mama Pacha na mwenzake wa bamia waligawana tenga moja: 47,500 kila mmoja, kirikuu 4,000, ushuru na mlinzi 1,000. Namba ya Ilala ikawa 52,500, karibu ileile ya zamani, kwa nyanya nusu. Fungu lililokuwa na nyanya tano likawa na tatu, na mteja aliyezoea mafungu mawili akachukua moja.

Wiki ya kwanza aliendelea na mistari ya zamani. Saa 9 kopo lilikuwa na 29,000, akasema siku ya kawaida, akanunua mchele na samaki. Saa 10 na nusu mvua ikashuka. Alifunga na 43,000. Siku ya pili vilevile. Alipokaa na daftari usiku, akaona kwamba kwa mvua hizi jioni ilileta nusu tu ya kilichokuwemo saa 9. Akapiga hesabu upya kwa kalamu ya risasi: ili afikishe 52,500 usiku, saa 9 lazima kopo liwe na 35,000. Mstari wa chini akauhamisha hapo.

Ukweli ni kwamba baada ya kuuhamisha, karibu kila siku ikawa ya ndoo. Ndoo aliipanga kwa siku nne. Siku ya sita kibaba kiligonga plastiki. Alipunguza chai ya maziwa ikawa ya rangi, akachuma matembele uani, akaongeza choroko maji. Hakumega ya Ilala.

Siku ya saba, saa 9, kopo lilikuwa na 41,300. Mbingu upande wa Mbagala ilikuwa nyeusi. Alihesabu mara mbili. Nusu ya hiyo ikiongezeka jioni, atavuka ya Ilala kwa elfu tisa hivi. Hakusubiri jioni. Alimwachia mwenzake genge, akaenda kwa muuza nafaka, akapimiwa maharage kilo 2 kwa 6,000, akayafunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuyafunika kwa kanga.

---

Jirani wa Soko

Hapo kabahatisha. Angenunua 6,000 na jioni isilete hata 15,000, Ilala kesho angekwenda na pengo. Mimi ningesubiri saa 12.

---

Mjasiriamali wa Gikomba

Lakini saa 12 na mvua ile muuza nafaka angekuwa amefunga. Hata mimi ningenunua, ila kilo moja.

---

Fundi Vikapu

Kilo moja na nusu kilo ya choroko, ningesema. Lakini niambie, aliloweka?

---

Mtoto wa Genge

Aliloweka. Jioni ile ilileta 14,000, kwa hiyo alivuka kwa 2,800 kabla ya kutoa maharage, na Ilala alikwenda na pungufu ya 3,200. Mwenzake wa bamia alimwazima, akamlipa Jumamosi. Kwa hiyo Jirani hajakosea.

Usiku saa 3, baada ya uji, alimwaga kilo moja kwenye ungo na kuuweka mapajani mwa bibi, karibu na kibatari, ingawa kibatari hakikumsaidia kitu. Bibi alipitisha maharage chini ya vidole, machache machache, akiyasukuma kutoka upande mmoja wa ungo kwenda mwingine. Kila alipogusa jiwe alisimama, akalishika, akampa Kulwa mkononi. Yalifika saba. Kisha Mama Pacha akayatia kwenye sufuria, akamimina maji, akapima kwa vidole vinne.